Skripti Fupi ya Kuifanya YouTube Iwe ya Kazi

Kibondo kuna fundi wa inveta za sola na redio ambaye kazi yake kwa sasa haiendi bila YouTube. Mteja akileta mashine ya aina asiyoijua, fundi anafungua laptopu yake, anaandika namba ya bodi kwenye kisanduku cha kutafutia, na mara nyingi anampata mtu wa India au Nigeria aliyekwisha kuifungua mashine ileile mbele ya kamera. Huku Kasulu mimi nafundisha fizikia sekondari, na orodha zangu za masomo ya kidato cha tatu nimezipanga humohumo YouTube. Wote wawili tunaingia pale tukijua tunachokitaka. Ila kabla hujaandika neno moja, ukurasa wa mwanzo umeshakuwekea mechi ya jana, mahojiano ya mwanasiasa na kwaya mpya kutoka Burundi. Ukifungua video ya kazi, pembeni zinajipanga nyingine ambazo hukuziomba.

Watu wengi wanadhani hapo dawa ni nidhamu tu. Nidhamu ni jambo jema, lakini ipo dawa nyepesi zaidi: kuiambia brauza isikuonyeshe vipande hivyo kabisa. Kwa hilo tunaandika skripti ya mtumiaji, yaani mistari michache ya maelekezo ambayo brauza yako inaisoma kila unapofungua tovuti uliyoitaja. Haibadilishi chochote kwenye kompyuta za YouTube, wala mtu mwingine haoni tofauti. Inabadilisha kile kinachochorwa kwenye kioo chako wewe. Mtindo huu una zaidi ya miaka 20: Aaron Boodman alitengeneza Greasemonkey kwa ajili ya Firefox mwaka 2004, na viendelezi tunavyotumia leo vimefuata njia hiyo.

Unahitaji kiendelezi kimoja cha kutunzia skripti. Ninavyovijua vizuri ni Tampermonkey na Violentmonkey, na kwenye Firefox chochote kati ya hivyo kinatosha. Anayeanza ningemshauri atumie Firefox, kwa sababu ukishaweka kiendelezi umemaliza. Kwenye matoleo ya karibuni ya Chrome kuna hatua ya ziada ambayo imewakwamisha wengi: baada ya kuweka Tampermonkey lazima uingie kwenye ukurasa wa viendelezi, ufungue maelezo ya Tampermonkey, kisha uwashe swichi ya `Allow User Scripts`. Kwenye Chrome za nyuma kidogo swichi yenyewe ni `Developer mode`, ileile ya juu kulia. Usipoiwasha, skripti itakaa pale imehifadhiwa vizuri na haitafanya lolote.

Kabla ya kuandika, amua kwanza nini kibaki. Hatua hii watu wanaipita haraka kisha wanarudi kulalamika kwamba tovuti imeharibika. Kwangu vinavyobaki ni kisanduku cha kutafutia, matokeo ya utafutaji, video yenyewe, maelezo yaliyo chini yake, na orodha ya masomo inayojitokeza upande wa kulia ninapofungua video iliyomo kwenye orodha. Fundi wa Kibondo alikuwa na sharti lingine ambalo mimi sikulifikiria: maoni ya watazamaji yasiondoke moja kwa moja, kwa sababu kwenye video za ufundi mara nyingi kuna mtu amesahihisha chini, amesema kapasita ile si ya volti 25 bali ya 50. Kwa hiyo maoni tuliyawekea mlango wa kufungua na kufunga, nao nitauonyesha baadaye.

Sasa fungua video yoyote kwenye laptopu. Peleka mshale wa panya juu ya safu ya video za pembeni, bonyeza kitufe cha kulia, kisha chagua `Inspect`. Litafunguka dirisha lenye mistari mingi ya kutisha. Usijaribu kuisoma yote. Pitisha mshale juu ya mstari mmoja mmoja ukipanda kwenda juu, na utaona sehemu ya ukurasa inayohusika na kila mstari inapakwa rangi. Ukianza kwenye mstari wa chini kabisa inapakwa picha moja tu. Panda kidogo, inapakwa video moja pamoja na kichwa chake. Endelea mpaka safu nzima ya mapendekezo ipakwe rangi bila kugusa kitu kingine. Hapo utakuta mstari wenye `id="related"`. Ukipanda zaidi ya hapo utafika kwenye `id="secondary"`, nao unapaka upande wote wa kulia.

Tofauti ya mistari hiyo miwili ndiyo inayoonyesha kama mtu ameelewa kazi au amebahatisha. Fundi wetu alichagua `secondary` akaridhika, maana mapendekezo yalitoweka yote. Baada ya muda akanipigia: "Mwalimu, ile orodha ya masomo ya inveta uliyonitumia mbona haionekani? Video zinakuja mojamoja." Orodha haikuwa imefutwa. Ilikuwa imefichwa, kwa sababu YouTube huiweka ndani ya `secondary` hiyohiyo, juu ya mapendekezo. Mazungumzo ya moja kwa moja ya video za mbashara nayo hukaa humo. Chagua kipande kidogo kuliko vyote kinachobeba yale usiyoyataka, usichague chumba kizima.

Kuna kosa la upande wa pili pia, la kuchagua kidogo mno. Mtu anaichukua video moja ya pembeni, anaona jina lake, anaandika kanuni ya kuficha kila video yenye jina hilo. Itafanya kazi kwa muda. Lakini YouTube hubadilisha majina ya vitu vidogo mara kwa mara. Video za pembeni zilikuwa zikiitwa `ytd-compact-video-renderer`, kisha miaka ya karibuni zikaanza kuja kwa jina la `yt-lockup-view-model`, na skripti nyingi zilizotegemea jina la kwanza zikafa. Kibebeo cha video hizo, `related`, kilibaki na jina lake. Ukipata nafasi ya kuchagua, kamata kibebeo kilicho karibu zaidi na unachotaka kukificha, chenye `id` au jina lenye kistari kama `ytd-comments`. Yapite majina marefu yasiyosomeka. Wala usitegemee maneno yanayosomwa na mtu, mfano `Comments`, kwa sababu mwenzako aliyeweka YouTube yake kwa Kiswahili atakuwa na neno lingine mahali hapohapo.

Baada ya hayo skripti yenyewe ni fupi. Fungua Tampermonkey, chagua `Create a new script`, futa yote yaliyomo, andika haya:

```
// ==UserScript==
// @name        YouTube ya kazi
// @namespace   kasulu-kibondo
// @version     1.0
// @match       https://www.youtube.com/*
// @run-at      document-start
// @grant       GM_addStyle
// ==/UserScript==

GM_addStyle(`
  ytd-browse[page-subtype="home"] ytd-rich-grid-renderer,
  ytd-watch-flexy #related,
  ytd-reel-shelf-renderer,
  .ytp-ce-element {
    display: none !important;
  }
`);
```

Hifadhi kwa `Ctrl+S`, kisha ipakie YouTube upya. Ukurasa wa mwanzo utakuwa mweupe, umebaki na kisanduku cha kutafutia na menyu ya pembeni.

Mistari ya juu inayoanza na mikwaju miwili inaonekana kama maelezo tu, lakini kiendelezi kinaisoma kwa makini. `@match` inasema skripti ifanye kazi kwenye anwani zipi. Nyota ya mwisho ina maana kurasa zote za YouTube, na hiyo ni lazima, kwa sababu YouTube haipakii ukurasa mpya unapotoka kwenye utafutaji kwenda kwenye video. Inabadilisha tu yaliyomo ndani ya ukurasa uleule. Ukiandika `@match` ya kurasa za video peke yake, kisha ukaingilia ukurasa wa mwanzo, skripti haitaanza kabisa hata ukifungua video. `@run-at document-start` inaitaka skripti iwahi kabla vitu havijachorwa, vinginevyo mapendekezo yatamulika mara moja mbele ya macho yako ndipo yaondoke, na mara hiyo moja inatosha kukupoteza.

Kwa nini tumetumia kanuni ya mtindo badala ya kuiamuru brauza ifute vipande hivyo? Sababu ni hiyohiyo ya ukurasa usiopakiwa upya. Ukifuta kipande, YouTube itakiunda tena unapofungua video nyingine, na itabidi uwe na mlinzi wa kukaa macho muda wote akifuta kila kinachozaliwa. Kanuni ya mtindo ni sheria inayokaa mlangoni. Kipande kikizaliwa leo au baada ya saa nzima, kinakuta sheria imeshaandikwa. Haichoshi kompyuta, na laptopu zetu nyingi huku ni za mitumba zenye kumbukumbu ndogo, kwa hiyo jambo hili si dogo.

Mstari wa kwanza wa kanuni nao una siri yake. Kuna anayeweza kuona `ytd-browse[page-subtype="home"]` kuwa urefu wa bure akabakiza `ytd-rich-grid-renderer` peke yake. Ukurasa wa mwanzo utakuwa mweupe vilevile, ila siku atakapofungua chaneli ya mwalimu anayempenda na kubonyeza sehemu ya video zake, atakuta nayo tupu. YouTube hutumia gridi hiyohiyo kwenye chaneli na kwenye ukurasa wa chaneli ulizojiandikisha. Sehemu ya mbele ya kiteuzi ndiyo inayosema: gridi hii, pale tu inapokuwa kwenye ukurasa wa mwanzo.

`ytd-reel-shelf-renderer` ni rafu ya video fupi. `.ytp-ce-element` ni yale mabango yanayotokea juu ya video ikikaribia kwisha, ambayo kwenye video za ufundi yana tabia mbaya ya kuziba bodi hasa fundi anapomalizia kuonyesha waya wa mwisho.

Video fupi zina mlango mwingine. Kwenye matokeo ya utafutaji zinaweza kujipenyeza mojamoja, zimevaa vazi lilelile la video za kawaida. Zinatambulika kwa kiungo, kwa kuwa anwani zake huanza na `/shorts/`. Kwa hizo tunaongeza kanuni ya pili:

```
GM_addStyle(`
  ytd-video-renderer:has(a[href^="/shorts/"]) {
    display: none !important;
  }
`);
```

Nimeiweka peke yake kwa makusudi. Neno `:has` linasema "kipande chenye kitu hiki ndani yake", na brauza za zamani hazilijui. Firefox ilianza kulikubali kwenye toleo la 121, mwishoni mwa mwaka 2023. Kwenye orodha ya viteuzi vilivyotenganishwa kwa mkato, brauza ikikuta kimoja isichokielewa inaitupa kanuni nzima, pamoja na viteuzi vyote vilivyo sahihi. Kama maabara ya shule ina kompyuta zilizokaa muda mrefu bila kusasishwa, mstari huo mmoja ungeua kazi yote. Ukiwa kwenye kanuni yake, utakufa peke yake.

Mkato nao uangalie kwa sababu hiyohiyo. Mkato uliobaki baada ya kiteuzi cha mwisho, kabla ya mabano, unaua kanuni nzima. Mkato uliosahaulika kati ya viteuzi viwili unaviunganisha kuwa kimoja: brauza inaelewa unataka cha pili kilicho ndani ya cha kwanza, haikioni, inanyamaza. Hivyo viwili vitaendelea kuonekana na vingine vitafichika. Ukiona hali hiyo ya nusunusu, tazama mikato kabla ya kutazama kitu kingine.

Sasa ule mlango wa maoni. Ongeza haya mwishoni mwa skripti:

```
GM_addStyle(`
  html:not(.fungua) #comments {
    display: none !important;
  }
`);

document.addEventListener('keydown', e => {
  if (e.altKey && e.code === 'KeyM') {
    document.documentElement.classList.toggle('fungua');
  }
});
```

Maoni yatafichwa muda wote ambao ukurasa hauna alama ya `fungua`. Ukibonyeza `Alt` na `M` kwa pamoja alama inawekwa, maoni yanatokea. Ukibonyeza tena inaondolewa. Neno `fungua` ni letu sisi, ungeweza kuandika lolote, mradi liwe lilelile mahali pote pawili. Njia hii ni nzuri kwa kipande chochote ambacho hukitaki kila siku lakini siku moja utakihitaji. Mtu asiyekuwa na mlango wa namna hii huzima skripti yote siku anapotaka maoni, na mara nyingi hasahau kuizima ila husahau kuiwasha.

Hapa inabidi niseme wazi jambo linaloulizwa na kila mtu, maana huku wengi tunatumia intaneti ya simu na bando lina bei yake. Kuficha si kuzuia. `display: none` inaiambia brauza isichore kipande, na haiiambii isikipakue. Orodha ya mapendekezo inakuja pamoja na data za ukurasa, na baadhi ya picha zinaweza kupakuliwa hata kama huzioni. Kuna picha ambazo tovuti huzitaka zipakuliwe pale tu zinapokaribia kuonekana kiooni, na hizo zikifichwa hazipakuliwi, kwa hiyo nafuu fulani ipo. Ila usiandike skripti hii kwa ajili ya bando, utakata tamaa.

Kwenye YouTube bando linaliwa na video zenyewe. Ukishusha ubora kutoka 720 hadi 480 au 360 umeokoa kuliko skripti yoyote ya kuficha picha, ingawa kwa video ya bodi ndogo yenye maandishi madogo fundi atalazimika kupandisha. La pili ni video inayoanza yenyewe baada ya ile uliyoichagua kwisha. Hii inawashangaza watu: wameficha mapendekezo yote, wamekwenda kupika chai, wanarudi wanakuta video ya tatu inacheza. Kuficha orodha hakuizuii YouTube kujua kinachofuata. Zima swichi ndogo ya kucheza mfululizo iliyoko chini ya video, karibu na kitufe cha manukuu. Uizime kwa mkono wako kabla hujaanza kutegemea skripti.

Kuhusu ukurasa wa mwanzo, kuna njia ya YouTube yenyewe ambayo ni nzuri kuliko skripti yangu kwa mtu mwenye akaunti. Tangu Agosti 2023, ukizima historia ya ulichotazama, na usiwe na historia ya nyuma ya kutosha, YouTube huacha kukuwekea mapendekezo kwenye ukurasa wa mwanzo. Hapo hakuna kilichofichwa, kwa sababu hakikutumwa. Gharama yake ni kwamba hutaweza kurudi kuona uliangalia nini wiki iliyopita. Kwa mwalimu anayetunza orodha hilo si tatizo. Fundi alikataa, kwa kuwa yeye hutafuta tena video ya zamani kupitia historia, basi akabaki na skripti.

Ukitaka kuhakikisha umeokoa kiasi gani badala ya kukisia, bonyeza `F12`, ingia `Network`, pakia ukurasa, usubiri utulie, usome jumla iliyoandikwa chini kwenye dirisha hilo. Kisha zima skripti kwenye Tampermonkey, upakie tena, usome. Kuwa mwangalifu: mara ya pili brauza huwa imeshahifadhi vitu vingi, kwa hiyo weka tiki kwenye `Disable Cache` kabla ya vipimo vyote viwili, la sivyo utalinganisha visivyolingana.

Simu ni suala la peke yake, na wasomaji wengi wa huku hawana laptopu. Chrome ya Android haipokei viendelezi. Firefox ya Android inapokea, na Tampermonkey na Violentmonkey zote zimo kwenye orodha yake. Programu ya YouTube yenyewe haiguswi na skripti yoyote ya brauza, kwa hiyo lazima utazamie ndani ya Firefox. Simu nayo itajaribu kukurudisha kwenye programu kila ukigusa kiungo cha YouTube. Ingia kwenye mipangilio ya Firefox, sehemu ya `Open links in apps`, uchague `Never`.

Halafu ujue kwamba YouTube ya simu ni tovuti nyingine. Anwani yake ni `m.youtube.com`, kwa hiyo `@match` ya mwanzo haiifikii, na vipande vyake vina majina yanayoanza na `ytm-`. Hata ukirekebisha anwani, viteuzi vya laptopu havitakuta kitu. Kwa mapendekezo yaliyo chini ya video, kiteuzi ni hiki:

```
ytm-item-section-renderer[section-identifier="related-items"]
```

Kutafuta majina kwenye simu ni kazi ngumu kwa sababu hakuna `Inspect`. Azima laptopu, fungua Firefox, bonyeza `Ctrl+Shift+M`, chagua aina ya simu kwenye orodha iliyo juu, kisha upakie YouTube upya. Utapewa tovuti ya simu ndani ya laptopu na utaichunguza kama kawaida.

Skripti ikikataa, kuna mambo mawili ya kutenganisha: je, haikuanza, au imeanza na haikukuta kitu? Kwenye laptopu, tazama alama ya Tampermonkey juu ya brauza ukiwa ndani ya YouTube. Ikiwa na namba ndogo juu yake, skripti imeanza. Isipokuwa na namba, kosa liko kwenye `@match`, au skripti imezimwa, au ile swichi ya Chrome haijawashwa. Ikiwa namba ipo na vitu bado vinaonekana, fungua `F12`, ingia `Console`, na andika kwa mkono:

```
document.querySelectorAll('#related').length
```

Jibu likiwa `0`, kipande chenye jina hilo hakipo kwenye ukurasa huo: ama YouTube imebadilisha jina, ama uko kwenye ukurasa usio wa video. Likiwa `1` au zaidi, jina ni sahihi na kosa liko kwenye uandishi wako, mkato au mabano. Jaribu kiteuzi kimoja kimoja namna hii na utamkamata mkosaji bila kubahatisha. Siku YouTube ikibadilika, na itabadilika, utarudi kwenye `Inspect`, utapanda mistari mpaka kibebeo kipakwe rangi, utachukua jina jipya na kubadilisha mstari mmoja.

Namna ya kumpa mwenzako skripti nayo ina hila. Usiitume kama ujumbe wa kawaida wa WhatsApp. WhatsApp inazichukulia nyota na alama ya mkwaju mdogo iliyo chini ya kitufe cha `Esc` kama amri za kupamba maandishi, na kibodi za simu hupenda kugeuza alama za kunukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda. Msimbo wenye alama ya kunukuu iliyopinda hausomeki kwa brauza hata kama kwa macho unaonekana sawa. Hifadhi skripti kama faili lenye jina linaloishia na `.user.js`, ulitume kama hati. Mpokeaji ataliingiza kupitia `Utilities` ndani ya Tampermonkey. Mimi na yule fundi wa Kibondo tunatumiana hivyo, na kila tunapobadilisha kitu tunapandisha namba ya `@version` ili tusichanganye faili la zamani na jipya.

Wewe nawe ukipokea skripti ya mtu, isome kabla ya kuiweka. Skripti inaona kila kitu kilichomo kwenye ukurasa inamofanyia kazi, pamoja na unachoandika. Skripti ya kuficha vitu vya YouTube haina sababu ya kuwa na `@match` ya `*://*/*`, maana hiyo ni tovuti zote, pamoja na ya benki na ya barua pepe. Haina sababu ya kuomba `GM_xmlhttpRequest`, ambayo ni ruhusa ya kuwasiliana na kompyuta nyingine huko nje, wala ya kuvuta msimbo kutoka kwingine kwa `@require`. Ukikuta mojawapo kwenye skripti inayodai inaficha video za pembeni tu, usiiweke. Andika ya kwako kwa mistari iliyo hapo juu.